Disleksia: Kosa Moja Lisikatwe Maksi Mara Mbili

Kama unasomea uuguzi hapa Uingereza na una disleksia, jambo hili linakuhusu. Disleksia ni ugumu wa ubongo kuunganisha sauti na herufi. Si uvivu, wala si upungufu wa akili.

Chukua mfano wa insha kuhusu vidonda. Hoja zina maksi 60, mpangilio 30, lugha 10. Mwanafunzi ameeleza vizuri kwa nini kidonda cha mgonjwa wa kisukari huchelewa kupona, lakini maneno mengi amekosea herufi. Msahihishaji akimkata kwenye hoja kwa sababu ya herufi, kisha akamkata tena kwenye lugha, amemwadhibu mara mbili kwa kosa moja. Haki ni asome hoja kwanza na kuzipa maksi zinazostahili, tuseme 48, na mpangilio 21. Makosa ya herufi yahesabiwe kwenye lugha pekee, apate 3. Jumla ni 72.

Lakini kuna mpaka. Hidralazini hushusha presha, hidroksizini ni ya mzio. Ukichanganya majina hayo mgonjwa anaweza kudhurika, kwa hiyo jina la dawa na kipimo chake havisamehewi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakitaka chuo kifanye marekebisho yanayofaa, ila haikilazimishi kushusha kiwango cha umahiri.

Basi peleka ripoti ya mtaalamu kwenye ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu kabla ya kukabidhi insha. Usingoje mpaka ufeli.