Kuziba Mapengo kwa Uvumi wa Chumba

SWALI: Nimehariri mahojiano yaliyorekodiwa chumbani penye feni. Kila nilipofuta kikohozi, sauti hukatika ghafula. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, hapana chumba kilicho kimya kabisa, uvumi wa feni huingia katika maikrofoni pamoja na maneno, na sikio, likisha kuuzoea, hushtuka unapotoweka, ijapokuwa kwa nusu sekunde. Basi pengo usiliache tupu, bali lijaze uvumi wa chumba kile kile. Tafuta katika mahojiano yako mahali msemaji aliponyamaza kutafakari, ukate kipande kisicho na pumzi wala mlio wa kiti, ukipachike penye pengo kikizidi kidogo kila upande, ili sauti ya asili ififie huku uvumi ukipanda. Hapo chagua mpishano wa nguvu sawa, kwa sababu ule wa mstari ulionyooka huupunguza uvumi katikati, nalo sikio likahisi shimo jingine.

Kipande cha sekunde moja ukikirudia kuziba pengo refu, mdundo wa marudio utadhihirika. Afadhali uunge vipande kadhaa mbalimbali. Kisha sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, macho umeyafumba: ukipatambua palipoungwa, kazi haijatimia.

Na safari ijayo, kabla hamjatawanyika, waombe wote wanyamaze dakika moja, feni ikizunguka, maikrofoni na kiwango cha kurekodia visiguswe, nawe uunase uvumi huo kuwa akiba.