Mguu kifundo: Ruhusa ya kila wiki kazini iombwe vipi?

Leo katika safu yetu ya afya tunazungumzia tatizo la mzazi aliyeajiriwa ambaye mtoto wake anatakiwa kufika hospitali kila wiki. Tutachukua hali moja, nayo ni mguu kifundo, yaani mtoto kuzaliwa na unyayo uliopinda kuelekea ndani na chini. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, 1 au 2 huwa hivyo. Tumeichagua hali hii kwa sababu ratiba ya tiba yake hujulikana mapema, na mzazi akiielewa ratiba hiyo ataweza kuomba ruhusa kwa hoja.

Tiba inayotumika inaitwa njia ya Ponseti, kwa jina la daktari aliyeianzisha huko Marekani miaka ya 1940. Mtaalamu huunyoosha mguu taratibu kwa mikono, kisha huufunga plasta ngumu, ile ambayo wengi wetu huiita hogo, kuanzia vidoleni hadi juu ya paja. Baada ya siku 7 plasta hufunguliwa, mguu husogezwa tena kidogo na kufungwa upya. Watoto wengi huhitaji plasta 5 hadi 7. Baada ya hapo wengi wao hukatwa mshipa mgumu wa kisigino kwa ganzi ndogo, na plasta ya mwisho hukaa wiki 3. Kisha mtoto huvaa viatu maalum vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu mpaka afikishe miaka 4 au 5.

Kwa hiyo, msomaji, ile "kila wiki" ina mwisho. Ni wiki 5 hadi 7 za mfululizo, kisha siku moja ya kukata mshipa, kisha wiki 3 bila safari ikiwa plasta haina tatizo. Akishaanza viatu, mtoto huangaliwa baada ya wiki 2, kisha baada ya miezi 3, halafu kila baada ya miezi michache. Mwajiri akiambiwa tu kwamba "mtoto anaumwa, nitakuwa natoka mapema", huona mlango uliofunguliwa bila kikomo. Akionyeshwa ratiba hii huona jambo la wiki chache.

Je, wiki moja haiwezi kurukwa? Mifupa ya mtoto mchanga bado ni laini, na mishipa inayoshika viungo hulegea inapovutwa kidogo kidogo na kutulizwa ndani ya plasta. Plasta ikifunguliwa na nyingine isifungwe, mguu huanza kurudi ulikotoka, na kazi ya wiki zilizopita hupotea. Plasta ikiachwa kupita muda wake, mtoto hukua ndani yake, nayo hubana au huteleza na kuchuna ngozi. Basi wiki moja ikirukwa, mara nyingi mzazi ataongeza wiki nyingine mbele, na mwajiri naye atampoteza mfanyakazi wake kwa muda mrefu zaidi.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto au msiba wa jamaa wa karibu. Lakini siku hizo 4 ni za mzunguko wa miezi 36, wala si za kila mwaka, na mwajiri ana haki ya kudai uthibitisho. Ni wazi kuwa siku 4 haziwezi kubeba safari 7. Sheria hiyo hiyo inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi kazini aruhusiwe muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Siku 84 ni wiki 12. Mtoto akianza tiba wiki ya pili baada ya kuzaliwa, plasta zote za kila wiki zitaisha ndani ya likizo ya uzazi, na hakutakuwa na ruhusa ya kuomba. Shida huja pale familia inaposubiri, ikiukanda mguu kwa mafuta na kutumaini kwamba utanyooka wenyewe. Mguu kifundo wa kweli, ule usiorudi sawa hata ukisukumwa kwa mkono, haunyooshwi na kukandwa.

Tuchukue mfano wa mama wa Kirua Vunjo anayefanya kazi Moshi mjini, ambaye mtoto wake amechelewa hivyo na anaanza plasta akiwa na miezi 3. Kazi yake ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na mapumziko ni saa 6 hadi saa 7 mchana. Kliniki imempangia Jumatano mchana. Bibi anamteremsha mtoto hadi barabara kuu ya Moshi na Himo, anapanda gari, na mama anawapokea mjini. Bibi peke yake hatoshi, kwa sababu mtoto anayenyonya wakati wa kufungwa plasta hutulia, na mguu uliotulia hufungwa vizuri.

Akitoka saa 6, mama huyu anapoteza saa 4 za kazi. Anaomba saa 2 za kunyonyesha za siku hiyo ziwekwe mwisho wa siku. Zinabaki saa 2, nazo anazilipa kwa kufika saa 1 na nusu asubuhi katika siku nyingine nne za wiki. Siku 4 za sheria hazigusi. Anaziweka kwa ajili ya siku ya kukata mshipa na kwa dharura. Kwa baba ambaye tayari hutoka kwa swala ya Ijumaa, ni vizuri kuiomba kliniki siku nyingine, ili ruhusa mbili zisirundikane katika siku moja.

Ombi liwe la maandishi, nalo laweza kusomeka hivi: "Naomba kutoka saa 6 mchana kila Jumatano kwa wiki 7, kwa tiba ya mguu ya mwanangu. Nitafidia saa 2 kwa kuingia mapema siku nyingine nne. Nimeambatanisha barua ya kliniki. Baada ya wiki ya 5 nitaleta taarifa kama muda utapungua au utaongezeka." Mwombe tabibu ataje katika barua siku, saa na idadi ya wiki anazotarajia. Barua isemayo "apewe ruhusa" peke yake haimsaidii mwajiri kupanga kazi.

Dharura tuliyoitaja ni ipi? Kila siku bonyeza kidole cha mguu wa mtoto kisha uachie. Kinageuka cheupe, na rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Vidole vikiwa baridi, vyeupe, vya bluu au vimevimba, au vikizama ndani ya plasta, au plasta ikitoa harufu mbaya, usingoje Jumatano. Nenda siku hiyo hiyo, na uitumie moja ya zile siku 4.

Na pale viatu vinapoanza, safari zinapungua lakini tiba haijaisha. Miguu mingi inayojirudia ni ya watoto walioacha kuvaa viatu usiku kwa sababu mguu ulionekana umepona. Kazi hiyo ni ya nyumbani, haihitaji ruhusa ya mwajiri.