Ankara Yenye Mikia Miwili: Namna ya Kuitambua Kabla ya Kuifungua



Tuchukue mfano wa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mutukula. Lori la mteja liko kwenye foleni, naye anasubiri ankara ya msafirishaji ili akamilishe nyaraka. Inaingia barua pepe yenye kichwa "Ankara ya usafirishaji, tafadhali lipeni leo", ikiwa na kiambatisho cha zip. Karani anakifungua, analitoa faili lililomo, na kuona jina `Ankara_0417.pdf` pamoja na alama nyekundu ya PDF aliyoizoea. Anabofya mara mbili, hakuna kinachoonekana. Anadhani faili ni bovu, anaendelea na kazi nyingine.

Kumbe faili lile halikuwa bovu. Jina lake kamili ni hili:

```
Ankara_0417.pdf.exe
```

Herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina huitwa kiendelezi, nasi tunaweza kuziita mkia wa faili. Kompyuta hufuata mkia wa mwisho peke yake. Hapa mkia wa mwisho ni `.exe`, maana yake programu. Kulibofya ni kuiamuru kompyuta iitekeleze. Ile `.pdf` ya katikati ni sehemu ya jina tu, mfano wa kibandiko kilichogandishwa juu ya gunia. Hata alama nyekundu si ushahidi, kwa kuwa mtengenezaji wa programu huipa picha yoyote aitakayo.

Kwa nini karani hakuuona mkia wa pili? Ni kwa sababu Windows, isipobadilishwa, huficha mkia wa mwisho wa aina za faili inazozifahamu. Lakini hapo hapo mhalifu huacha alama ya kumfichua. Katika kompyuta inayoficha mikia, ankara halali ya PDF huonekana kama `Ankara_0417` tu, bila `.pdf`. Basi ukiona faili moja linaonyesha `.pdf` ilhali nyaraka zako nyingine za PDF hazionyeshi, faili hilo ndilo la kutiliwa shaka. Kile kilichomtuliza karani ndicho kilichopaswa kumshtua.

Ili usibaki kukisia, iamuru kompyuta ionyeshe majina kamili. Katika Windows 11 fungua folda yoyote, bofya `View`, kisha `Show`, kisha `File name extensions`. Katika Windows 10 bofya `View` na utie alama penye `File name extensions`. Kazi hii hufanywa mara moja tu. Halafu panga folda kwa `Details` na usome safu ya `Type`. Mbele ya faili la karani pangeandikwa `Application`, neno ambalo haliwezi kuwa la ankara. Safu hiyo husaidia pia pale penye `Shortcut`, kwani mkia wake, `.lnk`, hubaki umefichwa hata baada ya mabadiliko hayo. Mikia mingine ya kuogopwa mwishoni mwa ankara ni `.scr`, `.js` na `.vbs`. Aidha, jina likiwa refu mno au lina nafasi tupu nyingi, lisome hadi mwisho, maana mkia huweza kusukumwa nje ya upeo wa macho.

Hila hii si ngeni. Mwezi Mei 2000, kirusi kilichoanzia Ufilipino kilienea duniani kupitia kiambatisho `LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs`. Wengi waliona `.TXT` wakadhani ni barua ya kawaida. Siku hizi barua ya mapenzi imegeuka ankara, kwa sababu mfanyabiashara huogopa kuchelewesha malipo.

Hasara huja baadaye. Programu ya namna hii huweza kuiba nywila za barua pepe. Mhalifu husoma mawasiliano kimya kimya, kisha humtumia mteja ankara yenye namba ya akaunti iliyobadilishwa. Mteja hulipa, fedha hupotea, na mzigo hubaki mpakani.

Ikiwa umekwisha kulibofya faili la namna hiyo, ondoa kompyuta kwenye mtandao mara moja. Usiingie benki kupitia kompyuta hiyo. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, wapigie simu wateja na benki yako, kisha fika kituo cha polisi. Usiifute barua ile, kwani ndani yake mna taarifa za njia iliyopitia, nazo ni sehemu ya ushahidi.

Mwisho, mkia mmoja pekee si kibali cha usalama. PDF ya kweli nayo huweza kubeba kiungo cha udanganyifu. Kwa hiyo ankara usiyoitarajia ithibitishe kwa kumpigia msafirishaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.