Ekari au Hekta?

Swali: Muhtaramu mwalimu, mahindi niliyopima Nakaloke yameyapita mno ya wakulima, hitilafu i wapi?

Jibu: Ndugu yangu, mwanafunzi mmoja, akiandika sura ya matokeo, aliona kwamba kitalu chake cha mita 10 kwa 10, kilichotoa kilo 32, yaani 3,200 kwa hekta, kimemshinda jirani aliyevuna magunia 26 ya kilo 100 katika hekta 2, yaani 1,300. Alikuwa karibu kuisifu mbolea. Lakini alipogawanya 3,200 kwa 1,300 akapata 2.46, na mashamba yote yakarudia takriban adadi ileile, ilhali tofauti ya kweli hubadilika shamba kwa shamba. Akafunua daftari: wakulima walitaja ekari, naye kaandika hekta, ambayo ni ekari 2.47. Nawe gawanya hivyo, kisha tazama daftari.