Ukiomba ruzuku, onyesha tatizo kwa ushahidi unaoweza kukaguliwa

Fomu nyingi za kuomba ruzuku zina sehemu fupi iitwayo maelezo ya tatizo. Hapo ndipo vikundi vingi vya Trans Nzoia na Bungoma hukwama, ingawa shida yenyewe ni ya kweli. Mwenye kusoma maombi hajawahi kufika shambani kwenu. Atapima yale anayoweza kuyathibitisha kwa simu, kwa daftari au kwa stakabadhi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kikundi cha wakulima wa mahindi karibu na Kitale kinachoomba pesa za mashine ya kukaushia nafaka. Waliandika hivi mara ya kwanza: "Wakulima wa Trans Nzoia wanateseka sana. Mahindi mengi huoza kila mwaka kwa sababu hatuna mashine ya kukaushia." Hakuna uongo hapo, lakini hakuna cha kukagua pia. Wakulima wangapi? Mahindi kiasi gani, msimu upi? Tena, kukosa mashine si tatizo. Hilo ni suluhisho lililovishwa nguo ya tatizo. Tatizo ni mahindi kuharibika.

Kosa la pili ni kuazima takwimu kubwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 990,341 Trans Nzoia na 1,670,570 Bungoma. Kikundi kinachoandika kwamba watu 990,341 wanahitaji mashine yake hupoteza imani ya msomaji papo hapo, kwa kuwa hata wakazi wa mjini na watoto wachanga wamo katika hesabu hiyo. Ripoti za sensa hiyo hushuka hadi kata ndogo. Tumia idadi ya eneo lenu, na utaje jina la ripoti, mwaka na ukurasa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi mara nyingi umo mikononi mwa wanachama. Tuseme kikundi chetu kina watu 31, na 24 kati yao waliandika mavuno yao msimu uliopita: magunia 612 ya kilo 90. Magunia 141 yaliharibika. Wengi wangeishia hapo, lakini msomaji makini atauliza yaliharibiwa na nini. Kama ni dumuzi waliotoboa punje ghalani, huenda dawa na mifuko isiyopitisha hewa ingefaa kuliko mashine.

Kwa hiyo kikundi kinarudi kwenye daftari na kutenganisha: magunia 118 yalikuwa na ukungu, na 23 yalitobolewa na dumuzi. Sasa wanaandika 118, yaani takriban gunia 19 katika kila 100, na kuacha yale 23 nje ya hoja. Namba imepungua, lakini hoja imepata nguvu.

Ukungu nao uunganishwe na unyevu. Halmashauri ya Nafaka na Mazao ya Taifa hainunui mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Kikundi kikipima kila gunia kwa kipima unyevu, kiandike tarehe, jina la mwenye gunia na kipimo chenyewe. Wastani peke yake huficha mengi: gunia moja lenye asilimia 12 na jingine lenye 20 hutoa wastani wa 16, na msomaji hawezi kujua ni mangapi yangekataliwa. Afisa wa kilimo wa wadi akishuhudia upimaji na kutia sahihi, kuna mtu wa nje wa kuulizwa.

Sasa maelezo yanasomeka hivi: "Msimu uliopita wanachama 24 kati ya 31 waliweka rekodi. Walivuna magunia 612, na 118 yakapata ukungu. Magunia hayo yote yalikuwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 yalipopimwa wakati wa kuhifadhi. Wanachama saba hawakuweka rekodi, hivyo hatujawahesabu. Daftari na karatasi ya vipimo vimeambatishwa." Ile sentensi kuhusu watu saba wengi hutaka kuifuta. Iache. Mkaguzi akiwakuta wenyewe bila kuambiwa, atashuku hata zile rekodi 24.

Kitu kimoja rekodi hizi haziwezi kufanya ni kusemea kaunti nzima. Wala kikundi cha Kimilili hakiwezi kuzichukua kama zake kwa kuwa nao hulima mahindi. Kila kikundi kipime chake.

Ukihitaji takwimu zilizo katika ofisi ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 humruhusu raia kuziomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kupeleka ombi hakulipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Ofisi ina hadi siku 21 za kujibu, kwa hiyo peleka barua mapema, kabla siku ya mwisho ya kupokea maombi haijakaribia.