HESABU ZA BODABODA: HELA YA JIONI SI YAKO YOTE



Katika somo hili tutajifunza kupiga hesabu ya biashara ya bodaboda. Chukua daftari na kalamu. Kama unayo pikipiki, au kijana wako anayo, weka namba zako mahali pa namba zetu. Bei tulizoziandika hapa ni za mfano tu. Bei zako utazipata sheli, dukani na kwenye stakabadhi zako.

Tumchukue dereva mmoja wa hapa Miteja. Asubuhi yuko kijiweni barabarani, anasubiri abiria wanaoshuka kwenye mabasi ya Dar es Salaam na Lindi. Wengine anawapeleka vijiji vya ndani. Siku nyingine hubeba samaki wa Somanga, na msimu wa ufuta hubeba magunia. Jioni anahesabu hela: shilingi 25,000. Petroli ametumia 8,000. Anasema, "Leo nimepata 17,000." Anakwenda nyumbani amefurahi.

Je, ni kweli amepata 17,000? Tuone.

PETROLI

Dereva wetu hutembea kilomita 100 kwa siku. Pikipiki yake huenda kilomita 40 kwa lita moja. Kwa hiyo anahitaji lita 2 na nusu. Lita moja ni shilingi 3,200:

2.5 x 3,200 = 8,000

Hapo hesabu yake ni sawa. Lakini amejuaje kwamba ni kilomita 40 kwa lita? Hakukisia. Alijaza tangi mpaka juu, akaandika namba iliyo kwenye saa ya kilomita. Alifanya kazi siku mbili, akajaza tena mpaka pale pale. Lita alizoongeza ndizo alizotumia. Akagawa kilomita kwa lita. Nawe fanya hivyo kila mwezi. Ukiona pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 40 sasa inakwenda 33, kuna ugonjwa. Huenda chujio la hewa limejaa vumbi, plagi imechakaa, au breki inakamata gurudumu.

Jambo la pili ni bei. EWURA hutangaza bei ya juu ya mafuta kila mwezi. Petroli ya chupa ya kando ya njia huuzwa zaidi ya hapo. Ukiongezewa shilingi 400 kwa lita, kwa lita 2 na nusu umepoteza 1,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 26,000. Hiyo ni karibu nusu ya bei ya tairi la nyuma.

PIKIPIKI INAKULA KILA KILOMITA

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tairi halichakai siku ile linapopasuka. Limechakaa kidogo kidogo kila siku uliyobeba abiria. Kwa hiyo deni la tairi lipo kila jioni, hata kama fundi hajakudai.

Tuandike vitu vinavyochakaa, na siku vinazodumu kwa dereva wa kilomita 100 kwa siku:

Oili: 12,000, siku 15. Kwa siku ni 800.
Tairi la nyuma na tyubu: 60,000, siku 100. Kwa siku ni 600.
Cheni na spoketi: 40,000, siku 100. Kwa siku ni 400.
Tairi la mbele na tyubu: 50,000, siku 200. Kwa siku ni 250.
Pancha, breki, plagi, kebo na balbu: kwa siku 450.
Injini (pistoni, ringi, klachi na fundi): 250,000, siku 500. Kwa siku ni 500.

Jumlisha: 800 + 600 + 400 + 250 + 450 + 500 = 3,000.

Basi kila siku ya kilomita 100, shilingi 3,000 ni za pikipiki. Ukigawa 3,000 kwa 100 unapata shilingi 30. Shika namba hiyo: kila kilomita moja, weka shilingi 30.

Kwa nini tunahesabu kwa kilomita, si kwa siku? Kwa sababu siku hazilingani. Siku ya mvua dereva ametembea kilomita 60 tu na kupata 14,000. Akilazimishwa kuweka 3,000 atachoka na kuacha kabisa. Lakini 60 x 30 ni 1,800. Pikipiki imechakaa kidogo, nayo inadai kidogo.

Hela hizo usizichanganye na za unga na mboga. Weka kwenye kibubu, au kwenye laini ya simu ambayo huitumii kwa kazi nyingine. Andika kwenye daftari kila jioni: kilomita za leo, hela ya akiba, na kilichonunuliwa.

BIMA NA LESENI

Zamani tulilipa leseni ya gari au pikipiki ya kila mwaka, ile ya barabara. Iliondolewa mwaka 2017. Mtu akikudai leo, usimpe. Lakini bodaboda bado inahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA, chombo kilichochukua kazi ya SUMATRA mwaka 2019. Inahitaji pia bima, na dereva awe na leseni ya udereva wa pikipiki. Kuhusu kodi ya biashara, uliza ofisi ya TRA, na kiasi utakachoambiwa kigawe kama tunavyogawa hapa.

Tuseme bima, leseni ya LATRA na fungu la mwaka la leseni ya udereva vyote ni 150,000. Kwa mwaka dereva wetu hufanya kazi siku 300, maana kuna magonjwa, misiba na masika. Gawa: 150,000 kwa 300 ni 500 kwa siku.

Hapa ni kwa siku, si kwa kilomita. Bima huisha tarehe yake hata kama pikipiki imelala ndani. Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu sehemu za Somanga. Magari yalisimama, na mabasi yasipofika kijiwe hakina abiria. Siku zile za bima ziliendelea kuhesabika. Ndiyo maana tumegawa kwa siku 300, si 365.

Elewa pia unachonunua. Bima ndogo humlipa mtu mwingine uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Haitengenezi pikipiki yako. Ukianguka peke yako kwenye mchanga, taa na usukani utavilipa kwa akiba yako.

PIKIPIKI YENYEWE

Dereva wetu alinunua pikipiki kwa 3,000,000. Baada ya miaka mitatu, yaani siku 900 za kazi, ataiuza labda kwa 750,000. Zimekwenda wapi 2,250,000? Zimetumika njiani. Gawa kwa siku 900: ni 2,500 kwa siku. Asipoziweka, mwaka wa nne hana pikipiki wala hela ya kununua nyingine.

Sasa tuandike hesabu yote ya siku:

Mapato: 25,000
Petroli: 8,000
Akiba ya matengenezo: 3,000
Bima na leseni: 500
Kununua pikipiki nyingine: 2,500
Jumla ya gharama: 14,000
Inayobaki: 11,000

Dereva alisema amepata 17,000. Kumbe ujira wake ni 11,000. Zile 6,000 zilikuwa mali ya pikipiki. Kwa mwezi wa siku 26 ni 156,000. Akizila, hali faida. Anakula pikipiki yake, leo tairi, kesho cheni, keshokutwa injini.

KAMA PIKIPIKI NI YA MKATABA

Wengi hawana 3,000,000. Huchukua pikipiki ya mkataba. Tuseme dereva humpelekea mwenye mali 9,000 kila siku ya kazi kwa miezi 16, kisha pikipiki inakuwa yake. Matengenezo na leseni ni juu ya dereva.

25,000 toa 8,000, toa 3,000, toa 500, toa 9,000. Inabaki 4,500 tu. Dereva anaona ni kidogo, anaacha zile 3,000 za akiba ili apate 7,500.

Tazama mwisho wake. Miezi 16 ni siku 416. Kwa kilomita 100 kila siku, pikipiki imetembea kilomita 41,600. Tulisema injini hutengenezwa kwenye siku ya 500, yaani kilomita 50,000. Kwa hiyo anakabidhiwa kadi ya pikipiki wakati injini iko karibu kuchoka. Aliyeweka 500 za injini kila siku ana 208,000 mkononi. Asiyeweka ana kadi, na pikipiki iliyosimama kwa fundi.

Kabla ya kutia sahihi, soma mkataba wenyewe. Nani analipa bima? Siku za mvua na za ugonjwa hesabu inakwendaje? Injini ikiharibika katikati ni ya nani? Jibu la mdomo halitoshi, liandikwe.

NAULI YA KWENDA NDANI

Abiria anataka kupelekwa kijiji kilicho kilomita 12 kutoka barabarani. Anatoa 4,000. Ukubali? Kumbuka utarudi mtupu. Njia ni kilomita 24, si 12. Kila kilomita ni petroli 80, matengenezo 30, na pikipiki 25. Jumla 135.

24 x 135 = 3,240

Umebakiwa na 760 kwa kazi ya karibu saa nzima. Na kwenye mchanga petroli huliwa zaidi. Sasa unajua kwa nini uombe nauli kubwa zaidi, au usubiri abiria wa kurudi naye.

DALILI ZA KUANGALIA

Oili: angalia asubuhi, injini ikiwa baridi na pikipiki imesimama wima. Ikipungua haraka na moshi wa bluu unatoka, ringi zimechoka. Usingoje siku ya 500.
Cheni: ikiwa meno ya spoketi yamepinda kama ndoano, badili cheni na spoketi zote pamoja. Cheni mpya kwenye meno mabovu haidumu.
Kwetu pwani chumvi hula chuma. Ukibeba samaki, osha pikipiki jioni kwa maji baridi, kisha pake cheni oili.

MAZOEZI

1. Dereva ametembea kilomita 80. Aweke shilingi ngapi za matengenezo?
2. Dereva mmoja anabadili oili kila siku 30 badala ya 15. Kwa siku 500 ameokoa shilingi ngapi? Injini yake ikifa mapema kwa siku 200, amepata au amepoteza?
3. Jadilini kijiweni: nauli ya kwenda kijiji cha mbali inalipa safari ya kurudi? Pigeni hesabu kwa kilomita.