Kunakili kipande cha gazeti: upatanisho wa ngeli kama kipimo cha mpangilio wa safu

Mwaka jana, nilipokuwa nikikusanya matini kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, niliandika katika daftari kwamba nimepata mfano mzuri: «Vitanda kumi na viwili vya chuma, ambavyo wagonjwa walivingoja tangu mwaka jana, ilipokelewa na mkuu wa hospitali.» Nilifurahi. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, upatanisho wa ngeli hutofautiana na ule wa Kiswahili sanifu, ambao hapa unadai vi-. Nikadhani kwamba mwandishi wa gazeti ameandika kama anavyosema nyumbani. Asistenti wetu alisoma, akauliza swali moja tu: «Sentensi hii inavuka safu?» Ilikuwa inavuka. Kosa halikuwa la mwandishi, lilikuwa langu.

Kipande chenyewe kilikuwa na safu tatu. Kichwa kikubwa kilikaa juu ya safu ya kwanza na ya pili tu. Safu ya tatu ilikuwa na kichwa chake kidogo, yaani ilikuwa habari nyingine. Picha moja pana ilikata safu mbili za kwanza katikati, hivi kwamba kila safu ilibaki na sehemu ya juu na sehemu ya chini. Hapo ndipo penye mtego. Je, msomaji akifika kwenye picha airuke na kuendelea chini yake, au apande juu ya safu ya pili? Magazeti hufanya yote mawili, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi.

Njia ninayofuata sasa ni hii. Kwanza nanakili kila sehemu peke yake, bila kuunganisha chochote. Kisha naandika maneno ya mwisho na ya mwanzo ya kila sehemu, na kujaribu viungo vyote. Katika kipande hiki, safu ya kwanza juu iliishia «vitanda … walivingoja tangu mwaka jana,» na chini ya picha ilianza «viliwasili Jumatatu kwa gari-moshi». Sehemu hiyo ya chini iliishia «Barua ya shukrani, iliyoandikwa na wauguzi wote,» na safu ya pili ilianza «ilipokelewa na mkuu wa hospitali». Vitanda vinataka vi-, barua inataka i-. Safu ya pili juu iliishia «Alisema kwamba mashuka», na chini yake nikasoma «yataletwa mwezi ujao». Viungo vyote vitatu vilikubali. Kwa njia niliyofuata mwanzoni, «mashuka» yangelazimika kufuatwa na «viliwasili». Kama ningelifika hapo kabla ya kufurahi, ningeligundua kosa mwenyewe.

```
[KICHWA] Hospitali yapata vitanda vipya
[SAFU 1, JUU] ... tangu mwaka jana,
[SAFU 1, CHINI] viliwasili Jumatatu ...
[SAFU 2, JUU] ilipokelewa na mkuu ...
[SAFU 2, CHINI] yataletwa mwezi ujao ...
[MAELEZO YA PICHA] Wauguzi wakivipanga vitanda
```

Safu ya tatu niliiweka katika faili lake.

Tazameni pia vitenzi vya kichwa na vya maelezo ya picha. Kichwa kinasema «yapata», lakini matini ya habari inasema «viliwasili». Maelezo ya picha yanasema «wakivipanga», na sentensi inaishia hapo bila kitenzi kikuu, jambo ambalo ni la kawaida chini ya picha. Mtu anayehesabu -li-, -a- na -ki- katika gazeti bila kutenga sehemu hizi atapata hesabu isiyo ya kweli: atadhani -ki- husimama peke yake katika masimulizi, kumbe ni desturi ya picha. Ndiyo sababu maelezo ya picha nayaandika mwisho, hata kama kwenye karatasi yamekaa katikati ya habari.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Sehemu ikiishia kwa nukta, hakuna upatanisho wa kupima. Na kama sehemu mbili zote zinaanza kwa a-, na kabla yake kuna jina la mtu, zote zitakubali. Hapo natazama maana: nani ametajwa kwanza kwa cheo chake kamili, na wapi ameitwa tu «mkuu huyo». Kutaja kamili hutangulia. Ikiwa bado nina shaka, naandika [MPANGILIO HAUJULIKANI] na kuziacha sehemu zikiwa zimetengana.

Tangu siku ile, kila mfano wa upatanisho usio wa kawaida ninaoupata katika gazeti naurudisha kwanza kwenye karatasi. Ukikaa katikati ya safu, naupokea. Ukikaa kwenye kiungo, siutumii mpaka viungo vingine vyote vikubali.